Naomba ushauri: nimeitwa kuchezesha kombe la mtaa hapa Busia, sina cheti

Mpuliza_Mpakani
Habarini wakubwa. Niko Busia, upande wa Uganda. Mwandaaji wa kombe moja la mtaa anataka niwe refa wa kati kwenye robo fainali, Jumamosi ya wiki ijayo. Ananipa 30,000, nauli ya boda juu yangu. Sheria nazijua za kutazama mpira tu, kozi sijaenda. Siku zenyewe ni chache, nisome nini kwanza? Kozi naipata wapi, na wanapima nini? Hela nayo niidai vipi bila kugombana? Kwenye mechi ya juzi beki alimvuta jezi straika aliyekuwa anakwenda peke yake kwa kipa. Refa akatoa njano, watu wakaingia uwanjani. Ningekuwa mimi sijui ningetoa kadi gani.

Beki_Mstaafu
Hiyo rahisi. Mtu wa mwisho akicheza faulo ni nyekundu. Refa aliogopa.

Kibendera_Tororo
Beki, kadi huenda umeipata, lakini sababu siyo. Sheria ya 12 haimtaji "mtu wa mwisho" popote. Inauliza kama straika amenyimwa nafasi ya wazi ya kufunga, na ili ujibu unaangalia mambo manne: umbali mpaka golini, mchezo unaelekea wapi, uwezekano wa straika kuumiliki mpira au kuufikia, na mabeki wengine wako wapi na ni wangapi.

Chukua mechi ya Mpuliza. Tuseme straika yuko mita 22 kutoka golini, katikati, mpira uko hatua mbili mbele yake, beki wa karibu zaidi yuko nyuma yake. Anavutwa jezi anaanguka. Yote manne yametimia: nyekundu, na faulo ya moja kwa moja pale pale. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Straika yule yule ameusukuma mpira kwa nguvu, unakimbilia kibendera cha kona. Bado beki ni "mtu wa mwisho", lakini mchezo hauelekei golini na mpira unamtoroka. Hapo ni njano, kwa kukatiza shambulizi la hatari. Watu watapiga kelele vile vile, ila wewe utajua umetoa nini na kwa nini.

Kabla mkono haujaenda mfukoni, puliza, sogea haraka mpaka mahali pa tukio, kisha yahesabu hayo manne kimoyomoyo. Sekunde tatu zinatosha. Wanaokosea wengi huchomoa kadi wakiwa mita 30 nyuma, wakafika wakakuta kuna beki wa pili ambaye hawakumwona.

Beki_Mstaafu
Sawa, nimekubali. Lakini ikiwa ndani ya boksi ni penalti na njano, siku hizi hakuna adhabu mbili.

Kibendera_Tororo
Nusu yake ni kweli. Njano ni pale beki alipokuwa anagombea mpira, mfano ameteleza akauchelewa akakanyaga mguu. Kuvuta jezi, kushika au kusukuma si kugombea mpira, kwa hiyo hata ndani ya boksi inabaki penalti na nyekundu. Na kama kuvuta kumeanzia nje kukaendelea mpaka ndani, ni penalti. Vijana wetu wanabishia hili kila wiki.

Ukiona faulo ukaacha mchezo uendelee kwa faida na straika akafunga, goli linahesabiwa, na beki anapewa njano badala ya nyekundu. Usisahau kurudi kumpa. Ukiisahau, benchi la upande wa pili halitakusahau.

Salma_wa_Moshi
Samahani naingilia. Huko Uganda posho ya refa inalipwa kabla au baada ya mechi?

Juma_Koboko
Dada Salma, huku ukiomba posho utaletewa sahani na maharage 😂 Posho ni ugali. Sisi tunasema alawansi, au fasilitesheni ukitaka kusikika kama wa ofisini.

Mpuliza, hela ipangwe kabla ya Jumamosi. Mwandikie mwandaaji ujumbe kwenye simu na akujibu: refa wa kati kiasi gani, washika vibendera kiasi gani kila mmoja, nauli iko ndani au nje, mvua ikivunja mechi mnalipwaje, na nani anatoa hela mkononi. Hapo kwenye mvua ndipo ugomvi unapotokea, maana atakuambia mechi haikuchezwa, na wewe ulishalipa boda na kukimbia dakika 35. Malipo yatoke kabla ya filimbi ya kwanza, au yakichelewa sana, wakati wa mapumziko. Ukisubiri mwisho wa mechi, timu ya mwandaaji ikifungwa utamtafuta na tochi. Na usipokee chochote kutoka kwa timu, hata soda.

Mweka_Hazina
Mimi niko upande wa waandaaji, nipinge kidogo. Hela ya marefa inatoka getini, na getini watu wanajaa kipindi cha pili. Refa akikataa kupuliza mpaka alipwe, tunakopa kwa mwenye duka. Lipeni nusu kabla, nusu dakika ya mwisho. Mnatuona kama wezi wote.

Juma_Koboko
Mzee, basi ingizo la timu likusanywe mapema, hela ya marefa itengwe humo. Refa hakuuza tiketi, kwa nini abebe hatari ya geti?

Mweka_Hazina
Timu zenyewe zinalipa ingizo asubuhi ya mechi. Njoo ujaribu wewe.

Mama_Pete_Arua
Na sisi wa netiboli mtatukumbuka lini? Mimi nachezesha za shule. Tatizo langu ni umbali wa mlinzi, kila mechi kocha ananiambia napima vibaya.

Kibendera_Tororo
Mama, Mpuliza aliuliza mpira wa miguu, lakini tusikuache hivyo. Umbali ni mita 0.9, unapimwa chini, kutoka mguu wa mwenye mpira ulipotua mpaka mguu wa mlinzi ulio karibu. Kocha anaangalia mikono, wewe angalia miguu. Mlinzi akishasimama kwenye 0.9 anaruhusiwa kunyoosha mikono juu ya mpira. Akiruka kuelekea kwa mfungaji, akatua ndani ya umbali huo na kumsumbua mfungaji anaporusha mpira, ndiyo kosa. Ukipuliza, hakikisha mkosaji anasimama kando ya mpigaji na hashiriki mpaka mpira utoke mkononi. Waamuzi wengi wa shule wanapuliza sawa kisha wanamwacha mlinzi aendelee kukinga, ndipo kocha anachanganyikiwa. Kwa kozi, anzia kwa viongozi wa netiboli wa wilaya yako, wao ndio wanaowasiliana na shirikisho la taifa.

Mama_Pete_Arua
Asante. Kumbe nilikuwa napima kutoka kiunoni.

Kibendera_Tororo
Turudi kwa Mpuliza, upande wa kozi. Nenda kwa chama cha marefa cha wilaya, Busia au hapa Tororo, ujiandikishe kwa kozi ya wanaoanza. Kozi ziko chini ya FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, na Busia mko kanda ya Mashariki. Usisubiri tangazo la redio. Mara nyingi jina lako linaingia kwa sababu ulikuja kwenye mazoezi ya marefa ukaonekana. Utasoma sheria 17 darasani, utafanya vitendo uwanjani, kisha mtihani wa kuandika na wa mbio. Kitabu cha sheria ni bure kwenye theifab.com, na hubadilika kila Julai 1, kwa hiyo fotokopi ya miaka mitano iliyopita itakuangusha. Mfano tangu Julai 2025: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, ni kona kwa wapinzani, na refa anahesabu tano za mwisho kwa mkono juu. Waambie manahodha hilo kabla ya kurusha sarafu, wengi hawajalisikia.

Mbio ndizo zinazoangusha wanaojiona wako fiti. Kipimo cha refa wa kimataifa wa kiume ni mbio za kasi za mita 40, mara sita, kila moja isizidi sekunde 6. Baada ya hapo unakimbia mita 75 kwa sekunde 15, unatembea 25 kwa sekunde 18, unarudia mara 40. Jumla ni kilomita 4 ndani ya dakika 22. Ngazi ya kuanzia muda wake ni mwepesi zaidi, lakini mpangilio jifunze huo huo. Ukifanya joging ya polepole ya kilomita 5 kila asubuhi utafika raundi ya 25 miguu ikakataa, kwa sababu hukuizoesha kuanza na kusimama. Pima mita 75 kwa futi kamba kwenye uwanja wa shule, weka mawe, mwenzako ashike saa na filimbi. Anza na raundi 16, ongeza 4 kila wiki.

Mpuliza_Mpakani
Nimeelewa, asante sana. Hela nimemwandikia, amejibu "tutaona". La mwisho: vibendera watatoka kwenye timu zenyewe, kila timu mmoja. Niwaamini kwenye kuotea?

Kibendera_Tororo
Hapana. Wape kazi moja, mpira ukitoka nje wainue, basi. Waambie mbele ya manahodha wote wawili, ili asije mmoja akainua kuotea straika akasimama. Kuotea utaamua mwenyewe, kwa hiyo usikae nyuma ya mpira katikati. Tembea upande mmoja, karibu na mstari wa mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayojilinda, kipa akihesabiwa, kadiri miguu inavyokubali. Mashambulizi ya haraka yatakupita, hilo halina dawa. Ukiwa huna uhakika, acha mchezo uendelee. Na kumbuka hakuna kuotea mpira ukitoka moja kwa moja kwenye goli kiki, mrusho au kona.

Beki_Mstaafu
Mimi bado nasema kama hana cheti asichezeshe robo fainali. Aanze na za vijana.

Juma_Koboko
Na hiyo "tutaona" ya mwandaaji isome vizuri, Mpuliza. Mwulize tena leo jioni kiasi gani na saa ngapi.