Ati vyura wamenyamaza, mimi ndiye kelele!

Sijalala_Kisauni: Saa tisa usiku hii, macho yameniiva kama pilipili. Jana alasiri mvua ya kwanza imepiga, na lile shimo la msingi la yule bwana (mnamjua, msinitajishe) limejaa. Vyura elfu tisini! Juzi hapakuwa na hata mmoja.

Nikatoka na tochi, kandambili mkononi. Kukanyaga ukingo tu, kimya. Mmoja kabaki kwenye mwanga, koo limefura kama pulizo, mdomo kaufumba kabisa, anitazama. Nikapiga ukelele: "Nyamazeni!" Dirisha likafunguka, yeye mwenyewe mwenye shimo: "Yakhe, vyura wamenyamaza, wewe ndiye kelele."

Mimi! Kelele! Narudi, sijafika kitandani: kro. Kisha wote. Wanalilia nini?

Bi_Mkunazi: Wanaita mvua, mwanangu.

Sijalala_Kisauni: Mvua si ishanyesha, bibi?

Mtu_wa_Madimbwi: Bibi hakukosea sana, wako wanaolia unyevu ukipanda, hata kabla ya tone. Lakini hao wa usiku huu ni madume, wanaita majike. Walikuwa ardhini na chini ya mawe wakingoja maji. Shimo hilo halina samaki wa kula mayai, ila litakauka, na viluwiluwi wanahitaji wiki kadhaa waote miguu. Kwa hiyo hakuna wa kungoja kesho.

Sijalala_Kisauni: Basi waite kwa zamu! Mbona wote kwa mpigo?

Mtu_wa_Madimbwi: Anayelia peke yake, nyoka na bundi wanajua pa kwenda. Katikati ya mia, bahati mbaya inagawanyika. Na kelele nyingi hufika mbali, jike akiwa gizani ajue maji yako wapi. Ndiyo maana ulipokanyaga walinyamaza wote: wamekuona ni mla vyura. Na huyo uliyemmulika hakufungua mdomo kwa sababu pumzi huzungusha ndani, kati ya mapafu na lile pulizo. Asubuhi chungulia ukingoni, ukiona nyuzi za utelezi zenye vidoa vyeusi kama shanga, chura wa mabaka kashataga.

Kaka_Tudor: Mla vyura hahaha! Jirani kasema kweli.

Mtu_wa_Madimbwi: Kuna na dume mjanja, hukaa kimya ubavuni mwa anayelia. Jike akija kwa sauti, yeye anamdaka njiani.

Mama_Sambusa: Huyo ni shemeji yangu kabisa! Harusi ya watu, yeye ndiye wa kwanza kwenye sinia la pilau, mchango hata shilingi.

Sijalala_Kisauni: Nani huanza lakini? Kila mara ni yule yule, kro moja. Na mimi ndiye kelele!

Mtu_wa_Madimbwi: Wakati mwingine mwenye nguvu, wakati mwingine wa karibu tu. Shimo lako silijui.

Fundi_Changamwe: Mwaga mafuta ya taa.

Mtu_wa_Madimbwi: Usithubutu, kisima cha watu kiko karibu.

Kaka_Tudor: Vyura afadhali. Hapa kwetu kuna jenereta ya duka la barafu, haina jike wala mvua, usiku kucha.

Mama_Sambusa: Na sinia alilirudisha tupu.