Nimeweka methali kwa rafiki aliyepata hasara, kaniambia "asante kwa mahubiri". Nilikosea wapi?

Mpendakwao: Wadau, rafiki yangu laptopu imekufa na kazi yake ya miezi minne imeenda nayo. Nilishamwambia mara mbili anakili kwenye flashi, hakunakili, ila rasimu chache aliwahi kunitumia kwa imeili. Jana katuhabarisha kwenye grupu, mimi nikaandika "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Kajibu "asante kwa mahubiri" akanyamaza mpaka leo. Sikutaka kumuumiza jamani, methali si ilikuwa inaendana kabisa?

Fundi_Seremala: Ungeanza na "wahenga walisema", ingekuwa ya wahenga siyo yako, asingekasirika.

BiMkubwa: Hapana mwanangu, hiyo "wahenga walisema" ndo inayoleta harufu ya mimbari, mtu akiiona tu anajua anakuja kufunzwa. Mpendakwao, methali yako ni ya kweli ila angalia inamnyooshea nani kidole. "Asiyesikia" ni yeye, "mkuu" ni wewe, kwa hiyo umejipandisha cheo siku aliyoanguka mwenzio. Na ile ni ya kuonya kabla mguu haujavunjika, ukishavunjika inabaki kuwa "si nilikwambia". Zipo zinazomweka msemaji upande mmoja na aliyeumia, mfano "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", sikiliza hiyo *tu-* ya "tugange", na wewe umo. Ila usiitupe peke yake, tanguliza kitu cha kwake. Mimi ningeandika: "Pole sana, miezi minne si mchezo. Zile rasimu ulizonitumia kwa imeili bado ninazo, nakutumia usiku huu. Yaliyopita si ndwele bwana." Nusu ya pili anaimalizia mwenyewe kichwani, na ikishatoka kwake haimchomi.

Kijana_wa_Leo: samahani guu ndo mguu au?

BiMkubwa: Ndiyo, guu ni mguu kwa kuukuza.

Zuhura_T: Mimi mdogo wangu alifeli mtihani mara ya tatu nikamwandikia "mvumilivu hula mbivu", akaniuliza mbivu zipi dada, nimevumilia miaka mitatu. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mtu akiumia naandika pole tu basi.

Mzee_Kombo: Hiyo ya ndwele nayo ina shida yake. Aliyenikosea mimi akija kuniambia yaliyopita si ndwele, anajisamehe mwenyewe kabla sijamsamehe. Na Mpendakwao kwa hiyo komenti yake ameshakosea, je ana haki ya kuisema?

BiMkubwa: Kuhusu laptopu anayo. Kuhusu komenti hana, hapo aombe radhi kwanza bila methali yoyote.

Fundi_Seremala: Mi bado naona watu wamekuwa wepesi kukasirika siku hizi.

Mpendakwao: Kumbe nilijiita mkuu, sikuiona kabisa hiyo. Nimemwandikia faraghani nikaomba radhi na nikamtumia zile rasimu, zipo mbili tu. Methali sijaweka. Kasoma, hajajibu bado.