Makambako hadi Dar na mama mwenye goti bovu: tiketi ya Njombe, wakala wa hapa, au tukalale Njombe?

Mwana wa Ubena
Kamwene ndugu zangu. Jumapili hii nampeleka mama Dar, Jumatatu asubuhi ana kliniki Muhimbili. Ana miaka 68 na goti la kulia halikunji, kwa hiyo nataka siti mbili za pamoja karibu na mlango wa mbele. Shule zinafunguliwa wiki hiyo hiyo, na sisi hapa Makambako mabasi yanatufikia yameshajaa.

Mwaka jana tulisimama barabarani tangu saa 1 asubuhi, na upepo wetu mnaujua. Manne yakatupita. La tano likasimama, konda akasema siti zipo, na kweli tulikaa. Kufika Iringa akapanda kijana na tiketi yenye namba ya siti ya mama. Mama akasafiri hadi Mikumi amekaa kwenye ndoo ya rangi katikati ya njia, mguu kaunyoosha, kila anayepita anamruka. Sitaki tena.

Naona njia tatu. Kukata tiketi ya basi linaloanzia Njombe kwa nauli ya Njombe, tupandie hapa. Au wakala wa hapa atutafutie siti kwenye mabasi ya Mbeya. Au Jumamosi tupande Kosta hadi Njombe, tulale gesti, tuanze na basi stendi. Mlio na uzoefu mnasemaje?

Kaka wa Ilembula
Ya kwanza, usifikirie mara mbili. Ukishalipa nauli kamili siti ni yako, hata ukipandia Chalinze. Mimi hufanya hivyo kila mwezi.

Nilikuwa Wakala
Kaka wa Ilembula yuko sahihi nusu. Nimekata tiketi stendi miaka 9, nieleze inavyokwenda.

Basi la Njombe likiondoka saa 12 asubuhi, konda anapita na kuhesabu vichwa. Siti ya 5 na ya 6 zina tiketi lakini hazina watu. Kama hakuna aliyemwambia kwamba hao wanapandia Makambako, kwake ni abiria waliochelewa, na njiani kuna watu wanapunga mkono. Atazijaza kabla hajafika kwenu, na nyie mtabaki na tiketi halali mkononi huku mama yuko chini. Kwa hiyo tiketi ikatwe ofisini kwao, na karani aandike kituo cha kupandia: Makambako. Mwambie akusomee alichoandika. Halafu omba namba ya konda wa Jumapili, umpigie Jumamosi jioni umtajie namba za siti, na umpigie tena asubuhi gari likiwa bado stendi. Simu hiyo ya pili ndiyo inayolinda siti.

Kuhusu wakala wa hapo kwenu: wengi ni watu waaminifu, lakini siti hawana mkononi. Anampigia konda wa gari lililotoka Mbeya, konda anamwambia "leta wawili". Hizo siti zinaweza kuwa tupu kweli, ila tupu hadi wapi? Kilichompata mama mwaka jana ndicho hicho. Siti ilikuwa imeuzwa Iringa tangu jana yake, konda akaitumia kipande cha Makambako hadi Iringa. Ukiambiwa "siti zipo", uliza hivi: "Hiyo siti imeuzwa mbele?" Mwenye siti ya kweli atakutajia namba papo hapo. Anayebabaika, au anayesema "mtapangiwa ndani", ujue anasubiri watu washuke.

Mpenda Reli
Makambako kuna stesheni ya TAZARA, kwa nini mnahangaika na mabasi? Kwenye treni mama atalala kabisa, goti litapumzika.

Mwana wa Ubena
Asante kaka, ila treni ya abiria haipiti kila siku, na mimi nina tarehe ya daktari.

Mama Wawili
Pole kwa mama. Mwezi uliopita nilimsafirisha mwanangu peke yake kutoka Mafinga, basi la usiku. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena 2023 naona wengi wanazikimbilia, na siti hazigombaniwi sana. Lakini gari lilisimama kama dakika mbili tu, gizani, ng'ambo ya barabara. Tulivuka mbio, begi la nguo likabaki kwenye benchi. Kwa kijana sawa. Kwa mama mwenye goti nisingethubutu.

Nilikuwa Wakala
Dada umegusa jambo ambalo watu hulisahau. Gari la njiani halisubiri kwa sababu dereva ana muda wake wa kufika kituo kinachofuata, na kila kituo cha katikati anakiona kama hasara. Mgonjwa asisimame na umati. Muulize konda kwenye simu gari litasimama wapi hasa, mweke mama hapo hapo upande wa kushoto wa barabara kama unaelekea Iringa. Wewe simama mbele yake hatua chache. Mzigo ukiwa mmoja na mdogo, ingia nao ndani. Kufungua buti ndiko kunakomfanya konda akuharakishe, na mama ndiye atakayesukumwa.

Binti wa Lupembe
Mimi nipo na njia ya tatu. Kilomita 60 za Njombe si kitu. Mnaingia stendi saa 11 na nusu, mama anapanda taratibu gari likiwa limesimama, hakuna simu wala kubahatisha.

Nilikuwa Wakala
Kwa usalama wa siti unanishinda, sibishi. Lakini mama ataamka saa 10 kwenye baridi ya Njombe, kisha atarudi kupita mlangoni kwake. Kwa goti lile siyo jambo dogo. Na kuna kitu kinachoifanya Makambako iwe tofauti na Mafinga: hapo barabara mbili zinakutana. Basi la Njombe likiwaacha baada ya saa moja asubuhi, ya Mbeya bado yako njiani, na ya Songea yako nyuma zaidi. Anzeni na la Njombe. Likiharibika, bado mna siku nzima mbele yenu.

Kaka wa Ilembula
Hapo kwenye kupiga simu nakubali, nilikuwa sijui. Pengine makonda wangu wananizoea sura. Ila bado nauliza: kwa nini mtu alipe nauli ya Njombe wakati nauli inapangwa kwa kilomita na yeye anapandia Makambako?

Nilikuwa Wakala
Kisheria ana haki ya kulipia umbali wake. Lakini akilipia umbali wake, ofisi ina haki ya kuiuza ile siti Njombe hadi Makambako, na huyo mtu asiposhuka ugomvi ni wenu. Mimi ningelipa tofauti.

Binti wa Lupembe
Mimi hapo sikubaliani. Tukizoea kulipa, wataona ndiyo bei.

Mwana wa Ubena (Jumapili usiku)
Tumefika. Nilikata kwa nauli ya Njombe, siti ya 5 na ya 6, nikapiga simu mara mbili kama nilivyoelekezwa. Gari lilitokea saa 1 na dakika 25. Siti ya 6 ilikuwa wazi. Ya 5 alikaa baba mmoja mwenye debe la asali, konda alimpakia njiani. Konda aliniona tu akamwambia, "Mzee, wenyewe hao," naye akanyanyuka bila neno. Alisimama hadi Mafinga, nami nilimshikia debe lake.

Mama amelala sasa hivi. Kurudi ni Alhamisi, tunaanzia Mbezi, ila tunashuka Makambako. Nilikuwa Wakala, nikiomba siti za mbele kwa mtu anayeshuka njiani watanipa, au wanawawekea wa Songea?

Nilikuwa Wakala
Nenda ofisini kwao Jumanne, usingoje Jumatano. Na mpe mama shikamoo yangu.