Mrejesho: GMAT na kuanzia kwenye majibu

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, hesabu za GMAT nazijua ila muda unaniishia, maswali 21 dakika 45, nifanyeje?"

Basi bwana, nilishika ushauri wa kujaribu majibu waliyotoa moja moja, kuanzia lile la katikati. Swali lililonifungua macho ni hili: gari linaenda km 240, lingeongeza spidi km 20 kwa saa lingetumia saa 1 pungufu, spidi yake ya kawaida ni ngapi? Majibu 30, 40, 48, 60, 80. Zamani ningeandika ikwesheni, nianze kupambana na v², dakika tatu hizo zimeyeyuka.

Sasa nikachukua 48. 240 gawa kwa 48 ni saa 5, kwa 68 ni kama saa 3 na nusu, tofauti saa 1 na nusu, imezidi. Spidi ikipanda tofauti inapungua, kwa hiyo 48 na zote za chini yake zimekufa hapo hapo, nikajaribu 60: saa 4, na kwa 80 saa 3. Imekubali, nikasepa.

Ila nilishaangukia pua mara moja kwenye mazoezi, nikatiki 80 kwa sababu ndo namba ya mwisho niliyoiandika, kumbe hiyo ni spidi baada ya kuongeza na jamaa wameitega makusudi. Siku hizi naandika pembeni "spidi ya kawaida" kabla sijagusa namba. Na majibu yakiwa ya herufi kama x na y badala ya namba, au wameuliza x + y, narudi kwenye aljebra tu, hapo mbinu inagoma.