Naombeni ushauri: kodi ya ghala tuliyotanguliza inaingia kwenye deni?

Wahasibu habari zenu, kampuni yetu hapa Mtwara imekodi ghala la korosho miaka 3, milioni 12 kila mwanzo wa mwaka, ya kwanza tumelipa siku ya kukabidhiwa funguo. Kwa IFRS 16 mi nimeweka deni la pango milioni 19.5, yaani zile mbili zilizobaki nimezirudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ya 15% ambayo benki ingetukopesha, halafu mali ya haki ya kutumia nikaweka 31.5 maana ile 12 ya kwanza imeshalipwa, sio deni tena. Uchakavu 10.5 kwa mwaka. Bosi anang'ang'ania mali na deni lazima vilingane, nimweleweshaje?