Kufuta kashe, kununua memori kadi au kushusha ubora wa video? Kipaimara ni Jumapili

MwanaKibosho
Wakuu, habari za jioni. Jumapili nina kipaimara cha mtoto wa dada hapa Moshi na kazi ya kurekodi nimepewa mimi. Simu yangu inarekodi kidogo halafu inakata, inasema nafasi imejaa. Nafuta kashe kila siku lakini kesho yake hali ni ileile. Ninunue memori kadi ya GB 64, ninunue flashi ya kuchomeka chini ya simu, au nishushe ubora wa video? Naomba ushauri wa haraka.

Fundi_UngaLtd
Mkuu, hujasema simu gani, inakata dakika ya ngapi, nafasi iliyobaki ni GB ngapi, na ibada unaitegemea muda gani. Bila hayo kila mtu atakutajia kitu anachokipenda yeye.

Mangi_wa_Sokoni
Nunua kadi ya V30, usipoteze muda. Video inahitaji kadi yenye kasi, hizi za kawaida ndizo zinazokata.

NeemaTengeru
Na mimi ninalo tatizo hilo, simu yangu ni aifoni ya GB 64. Memori kadi inawekwa upande gani? Nimezunguka pembeni pote naona trei ya laini tu.

Fundi_UngaLtd
Dada Neema, aifoni haina sehemu ya memori kadi. Fungua Settings, General, iPhone Storage uone kinachokula nafasi, halafu hamishia video kwenye kompyuta kwa waya.

MwanaKibosho
Samahani wakuu. Ni Galaxy A12 ya GB 64. Nafasi iliyobaki ni GB 3.1, inakata kwenye dakika ya 20 hivi. Ibada na picha za nje ni kama saa 2. Trei ina nafasi 3.

Fundi_UngaLtd
Sasa tunaongea. Rekodi dakika moja, ifungue kwenye Gallery, angalia Details imekula MB ngapi. Kwa ubora wa 1080p tegemea kama MB 130. Simu haikuachii utumie mpaka tone la mwisho, huanza kugoma ikibaki kama MB 500. Kwa hiyo una GB 2.6 za kutumia, gawanya kwa MB 130, unapata dakika 20. Simu ni nzima, nafasi ndiyo hakuna. Saa 2 ni dakika 120, karibu GB 16. Weka akiba, uingie kanisani na GB 20.

Kashe unayofuta kila siku inarudi kwa sababu ni vitu ambavyo programu inavihitaji tena. Ukiifungua tu, inavishusha upya. Fungua Settings, Apps, panga kwa ukubwa, uone ni programu gani hasa. Kama una Telegram, anzia humo: Settings, Data and Storage, Storage Usage, futa kashe. Video za magrupu zinabaki kwao, ukizitaka utazishusha tena. Halafu hapohapo punguza muda wa Keep Media, la sivyo wiki ijayo zimejaa tena.

Kijana_Njiro
Mbona mnazunguka? Bonyeza Clear data kwenye WhatsApp, simu inakuwa nyepesi papo hapo.

Fundi_UngaLtd
MwanaKibosho, USIFANYE HIVYO. Clear cache na Clear data zimekaa jirani lakini kazi zake ni tofauti. Ya pili inaondoa na mazungumzo yote, na kama hukuweka nakala ndiyo basi. WhatsApp unaisafishia ndani yake: Settings, Storage and data, Manage storage. Video kubwa zinakaa juu, unachagua mwenyewe.

Kijana_Njiro
Sawa kaka, lakini nafasi inapatikana au haipatikani?

MwanaKibosho
Telegram imetoa GB 6.2, sikutegemea! Video nyingi za WhatsApp nimezifuta kwenye Gallery tangu jana lakini nafasi haijaongezeka hata kidogo.

MamaKwaya_Sakina
Mwanangu, hizo ziko kwenye Trash. Gallery ya Samsung inavitunza ulivyofuta kwa siku 30, na vinaendelea kukalia nafasi ileile. Fungua Gallery, bonyeza vile vistari vitatu chini, Trash, halafu Empty. My Files nayo ina Trash yake. Kwaya yetu inarekodi kila Jumapili na hapo ndipo watu wanapokwama.

MwanaKibosho
Shikamoo mama, asante sana. Kulikuwa na GB 5.4. Sasa ninayo GB 14.7.

Fundi_UngaLtd
Bado hazitoshi, na hapo ndipo kadi inapoingia. Video za zamani ni GB ngapi?

MwanaKibosho
Kama GB 9, za harusi na misiba.

Fundi_UngaLtd
Basi zihamie kwenye kadi, utabaki na GB 23 na kitu. Nenda My Files, Internal storage, DCIM, Camera. Chagua video, bonyeza Copy, usibonyeze Move, halafu ubandike kwenye SD card. Chaji iwe ya kutosha na usiguse trei. Kwa kadi ya kawaida ni kama dakika 10 hadi 15. Zikiisha, linganisha idadi na ukubwa pande zote mbili, fungua chache kutoka kwenye kadi na uzivute mpaka mwisho. Zikicheza vizuri ndipo ufute za kwenye simu, na Trash uimwage.

Mangi_wa_Sokoni
Hamishia kwenye V30 basi. Na kwa nini asirekodi moja kwa moja kwenye kadi? Kamera ina Storage location, unachagua SD card, kwisha habari.

Fundi_UngaLtd
Mangi, MB 130 kwa dakika ni kama MB 2.2 kwa sekunde. Class 10 halisi inaandika angalau MB 10 kwa sekunde. V30 ni ya wanaorekodi 4K, na A12 haina 4K. Kadi ya Class 10 ikikata video ya 1080p, jua imechoka au ni feki.

Na feki ndiyo balaa. Zinakuja mezani kwangu kila wiki. Kadi imeandikwa GB 128, simu nayo inasoma 128, kumbe ndani ni GB 8. Za mwanzo zinaingia vizuri. Ikishafika 8 haisemi imejaa, inaendelea kupokea na kuandika juu ya zile za mwanzo au hewani. Mwenye simu anaona majina ya faili yapo, ukubwa upo, akifungua anakuta kijivu au video inagoma katikati. Kama alishafuta za kwenye simu, sina cha kumrudishia. Ndiyo maana nasema Copy kwanza. Kabla ya kuiamini, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows ikiwa tupu, endesha programu ya H2testw, iijaze yote kisha iisome. GB 64 inaweza kuchukua saa 2 kuandika peke yake, kwa hiyo iache usiku.

MamaKwaya_Sakina
Sisi tunarekodi moja kwa moja kwenye kadi na hatujapata shida.

Fundi_UngaLtd
Mama, kadi yenu nzuri. Mimi tukio lisilorudiwa silirekodi kwenye kadi mpya.

Mzee_Himo
Kuna jambo mmelisahau. Faili la video haliwezi kupita GB 4, hata ukiwa na nafasi tele litakata kwenye nusu saa.

Fundi_UngaLtd
Mzee wangu, hiyo ni kwa kadi za GB 32 kushuka chini, ambazo kwa kawaida huwa na mfumo wa FAT32. Kamera nyingi zikifika hapo zinafungua faili jipya zenyewe, nyingine kweli zinasimama. Kadi ya 64 inakuja na exFAT, haina mpaka huo.

Mzee_Himo
Ya kwangu ilisimama.

Kijana_Njiro
Je, ikiuliza kadi iwe sehemu ya simu, nikubali?

Fundi_UngaLtd
Hapana. Inafungwa kwa simu hiyo tu. Ukiichomoa haisomeki kwingine.

NeemaTengeru
Simu ya mume wangu trei ina nafasi 2 tu. Akiweka kadi, laini ya pili inatoka, na M-Pesa iko huko. Anafanyaje?

Mangi_wa_Sokoni
Huyo ndiye wa flashi ya kuchomeka chini.

MwanaKibosho
Flashi yenyewe ina mpaka wa GB 4 wa FAT32 au ni ileile exFAT? Na kadi halisi ya 64 hapa Moshi mjini nitaipata wapi kabla ya Jumamosi?

MamaKwaya_Sakina
Popote utakaponunua, dai risiti na uulize kama wanakuruhusu kuirudisha. Na kama utashusha ubora hadi 720p, ijaribu leo, usisubiri mtoto ashapiga magoti.