Ripoti ya mahitaji ya mafunzo: nianzie wapi?

Wapendwa salamu. Nimepewa kazi ya kuandika ripoti ya mahitaji ya mafunzo ya idara yetu, tuko watu 12 tunashughulikia madai ya wateja, wakubwa wanataka sababu kabla ya kutoa bajeti. Mpaka sasa nina orodha ya kozi na bei tu.
Mama Nuru

Rahisi dada, gawa dodoso kila mtu aandike kozi anayoitaka, hesabu kura, peleka. Sisi ilipita hivyohivyo.
Sele

Sele, dodoso linakupa watu wanachotamani, wanachokikosa ni kitu kingine. Mama Nuru, kozi ziweke mwisho, anza na kinachoharibika. Tuseme mafaili 40 yanarudishwa kila mwezi na kurekebisha moja ni masaa 3, hapo mnapoteza masaa 120. Sasa usikimbilie kusema yote dawa yake mafunzo. Fungua faili mojamoja ujiulize, huyu mtu akipewa muda na vifaa vyote, angelifanya sawa? Kama angeweza basi kozi haitasaidia kitu. Labda ukute 22 yamerudi sababu fomu haina sehemu ya tarehe ya tukio, hayo ni ya mwenye fomu. Yanabaki 18, yaani masaa 54, na yote yanatoka kwa watu 4 wanaokosea kukokotoa fidia. Basi omba mafunzo ya hao 4, sio 12. Na gharama usiishie kwenye ada, kozi ya siku 2 ni masaa 16 kwa mtu, jumla 64 ambayo hawapo kazini, wakubwa wakiyagundua wenyewe umekwisha. Makosa yao yakipungua nusu tu unaokoa masaa 27 kwa mwezi, kwa hiyo muda wa kozi umerudi ndani ya mwezi wa 3, baada ya hapo ndo ada inaanza kujilipa. Majina usiweke, watu wataanza kuficha makosa.
Anko J

Samahani nadandia, ofisi italipia diploma yangu ila nikiacha kazi kabla ya miaka 2 narudisha pesa. Nisaini?
Bi Tatu

Bi Tatu hiyo ni mada nyingine, ila kabla ya kusaini uliza kama deni linapungua kadri unavyokaa au linabaki lote mpaka siku ya mwisho.
Anko J

Anko asante, nimekaa na mafaili ya mwezi uliopita. Kuna fungu sikulitegemea, watu kazi wanaijua vizuri tu ila wanaruka kuhakiki risiti ili wafikishe idadi ya mafaili ya kufunga kwa siku. Na hiyo idadi wameiweka haohao watakaosoma ripoti 😩
Mama Nuru

Lifute hilo, unatafuta bajeti au ugomvi?
Sele

Akilifuta itabidi alihesabu kwenye mafunzo, na mwakani wataona kozi imelipiwa na risiti bado zinarukwa. Mimi ningeweka namba peke yake bila maelezo.
Anko J

Anko, na wakiuliza sababu kikaoni ajibu nini?
Sele